Mshale wa mausi kwenye skrini ya 4K: kwa nini unanywea dirisha moja na kuvimba jingine

Ndugu zangu mafundi, na wanafunzi mliokaa huku mbele, karibuni. Leo nina jambo moja tu mkononi, ule mshale wa mausi unaopotea machoni mara mtu anapohamia skrini yenye pikseli nyingi. Nataka tuuelewe kiasi kwamba mteja akikuletea laptopu yake usianze kusogeza kila kitufe unachokiona kwenye mipangilio.

Tuanze na rula. Skrini ya laptopu ya inchi 15.6 yenye pikseli 1366 kwa 768, aina ambayo imejaa kwenye meza zetu za matengenezo, ina karibu pikseli 100 katika kila inchi. Mshale wenye picha ya pikseli 24 hapo unakuwa na milimita 6 hivi. Sasa chukua skrini ya inchi hizo hizo 15.6 lakini ya 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160. Hapa inchi moja inabeba pikseli 282. Picha ile ile ya pikseli 24 inabaki na milimita 2 tu na ushei. Hakuna kilichoharibika, ila pikseli zenyewe zimekuwa ndogo. Ndiyo maana mfumo wa kompyuta huzidisha kila kitu, na kwenye mipangilio ya skrini unaona 200%. Herufi zinazidishwa mara 2, vitufe mara 2, na mshale nao unatakiwa uchorwe kwa pikseli 48. Ukipima tena unapata milimita 4 na kidogo, ambao ni mshale mtu anaouona bila kuinama.

Kwenye Windows kazi hii kwa kawaida inafanyika yenyewe, na anayetaka mshale mkubwa zaidi anaingia Settings, kisha Accessibility, kisha Mouse pointer and touch, anavuta kitelezi kutoka 1 hadi 15. Nafasi ya 1 ni pikseli 32, na ya 15 ni pikseli 256, kabla skrini haijazidisha. Sitakaa sana hapo. Ninapotaka kukaa ni kwenye Linux, kwa sababu huko mshale una jambo ambalo wengi hatukufundishwa, nalo ni kwamba mara nyingi kila programu huchagua na kuleta picha ya mshale wake yenyewe. Ukipeleka mausi juu ya dirisha fulani, programu yenye dirisha hilo ndiyo inayoamua mshale uonekane vipi na uwe mkubwa kiasi gani. Ukiona mshale unanywea unapovuka mpaka wa dirisha na kurudi ulivyokuwa unapotoka, jua programu mbili zimepewa namba mbili tofauti.

Niwape kisa chenyewe. Mchoraji mmoja wa ramani za majengo alileta laptopu ya 4K, inchi 15.6, yenye Ubuntu na mazingira ya GNOME kwenye Wayland, ule mfumo mpya wa Linux wa kuonyesha madirisha, skrini ikiwa 200%. Kwenye kivinjari mshale uko sawa. Kwenye folda zake uko sawa. Akiingia kwenye programu yake ya zamani ya kuchorea, mshale unakuwa kama chawa, na kazi yake ni ya kugusa ncha za mistari siku nzima. Alikuwa ameshaambiwa abadilishe skrini.

Swali la kwanza ni kama ile programu inatumia Wayland au X11, yaani mfumo wa madirisha uliotangulia Wayland, kwa sababu njia za kupata ukubwa wa mshale hazifanani. Kuna kiprogramu kidogo cha zamani kinaitwa `xeyes`, macho mawili yanayofuata mausi. Kifungue, kisha peleka mausi juu ya dirisha unalolishuku. Macho yakifuata, dirisha hilo ni la X11. Yakiganda, ni la Wayland. Kwa yule mchoraji macho yalifuata, tukajua programu yake inapitia Xwayland, ile sehemu inayowezesha programu za X11 kuishi ndani ya Wayland.

Hatua ya pili tukauliza namba. Amri ni hizi tatu:

```
gsettings get org.gnome.desktop.interface cursor-size
echo $XCURSOR_SIZE
xrdb -query | grep -i cursor
```

Ya kwanza ilijibu 24, na hiyo ni kawaida kabisa. Ile 24 ni namba ya kabla ya kuzidishwa. Programu ya Wayland inaichukua, inaona skrini ni mara 2, inakwenda kutafuta picha ya 48. Ya tatu ilijibu `Xcursor.size` 48. Hiyo nayo ni sawa, kwa maana skrini ikizidishwa kwa namba kamili kama 2, GNOME huwapigia hesabu watu wa X11 na kuwaandikia jibu lililokwisha kuzidishwa, kwa kuwa wao hawazidishi kitu. Ya pili ndiyo iliyotupa mwizi. Ilijibu 24.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo penye kiini cha mhadhara mzima. Maktaba inayowachorea programu za X11 mshale inaitwa libXcursor, nayo ina utaratibu wa kutafuta ukubwa. Kwanza inatazama `XCURSOR_SIZE`. Ikiikuta, inaishia hapo hapo na haiulizi tena. Isipoikuta ndipo inapotazama `Xcursor.size`. Isipoikuta hiyo nayo, inachukua `Xft.dpi`, ile namba ya pikseli kwa inchi inayotumika kupimia herufi, inazidisha kwa 16 na kugawanya kwa 72. Na hata hiyo isipokuwepo, inachukua upande mfupi wa skrini yote na kuugawanya kwa 48. Kwa hiyo ile 48 sahihi ambayo GNOME iliiandika haikusomwa kamwe. Mtu aliweka `XCURSOR_SIZE=24` mbele yake, na 24 kwa X11 ni pikseli 24 kamili, milimita 2.

Tukatafuta ilikoandikwa:

```
grep -n XCURSOR ~/.profile ~/.bashrc /etc/environment
```

Ilikuwa kwenye `~/.profile`, imehamishwa pamoja na faili nyingine kutoka kompyuta yake ya zamani, ambako 24 haikuwa na madhara yoyote. Tulifuta mstari ule, akatoka kwenye akaunti yake na kuingia upya, mshale ukarudi. Kutoka na kuingia ni lazima. Kufunga programu na kuifungua hakutoshi, maana ile thamani imerithiwa na kila kitu kilichoanzishwa tangu alipoingia. Na mkiikuta kwenye `~/.bashrc`, dalili yake ni tofauti kidogo, kwani programu ikifunguliwa kutoka kwenye terminali mshale unakuwa mdogo, na ikifunguliwa kutoka kwenye menyu unakuwa sawa. Hiyo huwachanganya watu sana.

Sasa nataka kusema kwa nini sikubadilisha ile 24 iwe 48 na kumaliza kazi, kwa sababu hilo ndilo pendekezo mtakalokutana nalo kila mahali. Zipo programu za Wayland ambazo nazo husoma `XCURSOR_SIZE`, zile zilizojengwa kwa Qt zikiendeshwa moja kwa moja kwenye Wayland ni mojawapo. Hizo huichukua namba ile kama ya kabla ya kuzidisha. Ukiwapa 48 kwenye skrini ya 200%, wanatafuta 96. Kwa skrini ile ya mchoraji hiyo ni karibu milimita 9, mshale unaofunika neno zima. Umemtibu mgonjwa mmoja ukamwangusha mwingine. Ikiwa kweli kuna programu moja tu ya X11 inayohitaji namba yake, mpe yeye peke yake wakati wa kumwanzisha. Tuseme inaitwa `mchoro`:

```
env XCURSOR_SIZE=48 mchoro
```

Ikifaulu, nakili faili yake ya `.desktop` kutoka `/usr/share/applications` uiweke `~/.local/share/applications`, kisha kwenye mstari wa `Exec=` tanguliza maneno yale yale `env XCURSOR_SIZE=48`. Ile ya mfumo usiiguse, kwa kuwa mabadiliko yako yatafutwa programu ikisasishwa.

Kuna ndugu ameinua mkono anauliza: je, kama nimeongeza namba na mshale haukui hata kidogo? Swali zuri. Hapo angalia seti ya picha za mshale, ile inayoitwa theme. Kwa X11 picha hizi ni za pikseli zilizoandaliwa tayari kwa saizi fulani, na libXcursor, katika matoleo mengi, hainyooshi picha. Inachagua ile iliyo karibu zaidi na namba uliyoomba. Seti iitwayo Adwaita ina saizi kadhaa, zikiwemo 24, 48 na 96. Lakini zipo seti nzuri za kupakua ambazo mtengenezaji aliweka 24 peke yake. Uombe 48, uombe 96, utapewa 24. Kipimo chake ni chepesi, hamia Adwaita kwa muda:

```
gsettings set org.gnome.desktop.interface cursor-theme 'Adwaita'
```

Funga programu na uifungue tena. Mshale ukikua, kosa lilikuwa kwenye seti, na dawa ni kubadilisha seti.

Na wale wa kinyume, ambao mshale wao umevimba? Mara nyingi ni mtu aliyezidisha mara mbili, yaani ameweka skrini 200% na bado akaandika 48 kwenye `cursor-size`. Irudishe ilivyokuwa:

```
gsettings reset org.gnome.desktop.interface cursor-size
```

Lakini muulize mwenye kompyuta kwanza. Mtu mwenye macho hafifu anaweza kuwa aliichagua makusudi kwenye Settings, sehemu ya Accessibility, na milimita 9 kwake ndizo zinazomwezesha kufanya kazi. Usimnyang'anye kwa sababu wewe unaona ni kubwa.

Uvimbe mwingine unawapata wanaotumia vidhibiti vyepesi vya madirisha kama i3, ambako hakuna anayewaandikia `Xcursor.size` wala `Xft.dpi`. Hapo libXcursor inafika kwenye ile hatua ya mwisho ya kugawanya upande mfupi kwa 48. Ukiwa na 4K peke yake, 2160 kwa 48 ni 45, na unapata picha ya 48, vizuri tu. Sasa unganisha skrini ya nje ya 1920 kwa 1080 na uipange juu ya ile ya kwanza. X11 inazihesabu zote mbili kama uwanja mmoja wenye urefu wa 3240. Gawanya kwa 48, upate 67, na programu utakazofungua kuanzia hapo zitachukua picha kubwa zaidi, kwa mfano ya 64, wakati zile zilizokuwa wazi zinabaki na 48. Andika mistari hii kwenye `~/.Xresources`, kisha uipakie:

```
Xcursor.theme: Adwaita
Xcursor.size: 48
```

```
xrdb -merge ~/.Xresources
```

Hata hivyo, skrini ya nje ya inchi 24 yenye 1080 ina pikseli 92 tu kwa inchi. Mshale wa 48 juu yake ni milimita 13. Kwenye X11 namba ni moja kwa skrini zote, hivyo mteja mwenye mchanganyiko huo mweleze wazi kwamba atachagua skrini ipi ionekane vizuri, au akae katikati na 32. Wayland ndiyo inayoweza kubadilisha picha mshale unapovuka kutoka skrini moja kwenda nyingine, kwa kuwa kila skrini ina kiwango chake. Na tangu 2023 kuna itifaki yake inayoitwa cursor-shape, ambayo kwayo programu inaomba umbo tu, mshale au mkono au mstari wa kuandikia, na mfumo ndio unaochora kwa ukubwa mmoja. Programu ikishaipokea, `XCURSOR_SIZE` haina kazi tena kwake. Programu ya yule mchoraji haitaipata, kwa kuwa ni ya X11, kwa hiyo kwake tuliacha `Xcursor.size` iandikwe na GNOME na tukahakikisha hakuna kitu kinachotangulia mbele yake.