Nani Anatuma Pakiti ya Kwanza? Kuelekeza na Kufyatua Poti kwa Xbox 360 na Mashine za Zamani za Mikutano ya Video

Karibuni. Leo tunazungumzia kurasa mbili za ruta ambazo watu wengi huzijaza kwa kubahatisha: ule ulioandikwa `Port Forwarding` na jirani yake, `Port Triggering`. Wa kwanza nitauita kuelekeza poti, wa pili kufyatua poti. Nitavipima kwa vifaa viwili tu vya zamani ambavyo bado viko kazini, konsoli ya Xbox 360 na mashine ya mikutano ya Polycom VSX. Nimevichagua kwa sababu kila kimoja kinadai jibu tofauti, ingawa malalamiko ya wenyewe hufanana: "intaneti ipo, lakini wenzangu hawanipati."

Tuanze na kinachotokea ndani ya ruta. Vifaa vya nyumbani vina anwani za ndani, tuseme `192.168.1.50`, na nje wote tunaonekana kwa anwani moja ya mtoa huduma. Kifaa kikituma pakiti kwenda nje, ruta huandika kwenye jedwali lake nani katuma, kwenda wapi, kwa poti gani. Jibu likirudi hulinganishwa na jedwali hilo na kufikishwa kwa mwenyewe. Kazi hii ya ruta huitwa NAT. Pakiti inayofika kutoka nje bila kutangulia kuitwa haina mstari kwenye jedwali, kwa hiyo hutupwa. Ruta haina nia mbaya hapo. Haijui tu impelekee nani.

Kuelekeza poti ni kuandika mstari huo kwa mkono na kuuacha hapo daima: kila kinachofika poti 3074 kiende `192.168.1.50`. Kufyatua poti ni kuipa ruta sharti. Mnaiambia hivi: ukiona kifaa chochote cha ndani kinatuma kwenda poti fulani ya nje, fungua poti hizi nyingine za kuingilia, zielekeze kwa kifaa hichohicho, kisha uzifunge muda ukipita bila shughuli. Kwenye ruta nyingi za Netgear muda huo huja ukiwa dakika 20, na unaweza kuubadilisha.

Kwa hiyo kabla ya kugusa ukurasa wowote, jiulizeni swali moja: nani anatuma pakiti ya kwanza? Kifaa cha ndani kikianza, kufyatua kunaweza kufaa. Mtu wa nje akianza, hakuna cha kufyatua, na sheria yenu italala pale miaka bila kufanya kazi.

Sasa Xbox 360. Orodha ya Microsoft inataja UDP 88, UDP na TCP 3074, pamoja na 53 na TCP 80. Watu huelekeza zote. Acheni 53 na 80, kwa sababu konsoli huzitumia kwenda nje kuuliza majina na kuchukua kurasa, haipokei wageni huko. Na kuelekeza 80 kunaweza kugongana na ukurasa wa usimamizi wa ruta yenyewe. UDP 88 ni ya uthibitisho wa akaunti, ukiiongeza haidhuru. Mzigo wa mchezo wenyewe uko 3074.

Kwa kuelekeza, hatua ya kwanza haiko kwenye ukurasa wa poti. Iko kwenye DHCP, sehemu ya ruta inayogawia vifaa anwani za ndani. Soma anwani ya MAC ya konsoli kwenye mipangilio yake ya mtandao, kisha uitengee anwani moja ya kudumu. Ukiruka hapo, umeme ukikatika usiku na ruta ikaanza upya, konsoli inaweza kupewa anwani nyingine, na poti 3074 ikawa inamwelekea mwenye simu aliyewahi kuamka. Dalili yake haina shaka: jana ilifanya kazi, leo haifanyi, na hakuna aliyegusa kitu. Kwenye ruta yenye OpenWrt, sheria huandikwa hivi katika `/etc/config/firewall`:

```
config redirect
	option name 'xbox'
	option src 'wan'
	option proto 'tcp udp'
	option src_dport '3074'
	option dest 'lan'
	option dest_ip '192.168.1.50'
	option dest_port '3074'
	option target 'DNAT'
```

Baada yake: `service firewall restart`, kisha zima konsoli, iwashe, na uendeshe jaribio la muunganisho kwenye mipangilio yake. Jaribio likisema NAT ni Moderate au Strict, bado kuna kitu kinazuia.

Je, kufyatua kungefaa hapa? Konsoli ndiyo inayoanza kuwasiliana na seva, kwa hiyo kwa nadharia, ndiyo. Tatizo ni uchaguzi wa poti ya kufyatulia. Wengine huweka UDP 88, kwa sababu ndiyo ya kwanza kuonekana konsoli ikijiandikisha. Ukipima papo hapo kila kitu ni kizuri. Lakini uthibitisho ukishamalizika, hakuna sababu ya 88 kutumika kila dakika, na kwenye ruta inayohesabu muda tangu fyatuo la mwisho poti hujifunga mchezo ukiwa katikati. Waliokwisha kuingia wanaendelea, kwa kuwa mistari yao ipo kwenye jedwali, ila rafiki anayetaka kujiunga anakataliwa. Ni hitilafu ya kuudhi, maana nusu ya watu wanasema mchezo ni mzima.

Na kuna mtego mwingine: kifyatulio hutazama poti ya mwisho wa safari, ile ya upande wa seva, si poti ambayo kifaa chako kimetokea. Msikisie. Tazameni konsoli inakotuma, kwa amri hii ndani ya ruta yenyewe ya OpenWrt:

```
tcpdump -ni br-lan udp and host 192.168.1.50
```

Iacheni iende dakika kumi mchezo ukichezwa. Poti ya nje inayojirudia mara kwa mara ndiyo ya kufyatulia; inayotokea mwanzoni tu haifai.

Swali linaloulizwa sana ni la nyumba yenye konsoli mbili. Kuna imani kwamba kufyatua huruhusu zote mbili kwa sababu sheria haitaji anwani ya kifaa. Ni kweli haitaji, lakini poti moja ya kuingilia huwa ya kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Aliyefyatua kwanza anaishikilia. Wa pili hungoja wa kwanza anyamaze na muda uishe. Kufyatua kunafaa wanaopokezana, hakufai wanaocheza pamoja. Kwa wanaocheza pamoja jaribuni kwanza UPnP, njia ya kifaa kuiomba ruta poti chenyewe, na mkiiwasha ondoeni sheria za mkono za 3074, zisije zikagombana.

Twende kwa Polycom VSX, ambako jambo linanoga. Mashine hii hutumia H.323, kanuni ya kupiga simu za video kwenye mtandao. Simu huanza kwa TCP 1720. Baada ya hapo pande mbili hukubaliana poti nyingine za udhibiti, sauti na picha, na kwa kawaida ya H.323 poti hizo zinaweza kuwa popote juu ya 1024. Programu ya NetMeeting ilikuwa na shida hiyohiyo, ndiyo maana ilisumbua sana nyuma ya ruta. VSX ina dawa yake: kwenye ukurasa wake wa Firewall weka alama kwenye `Fixed Ports`, nayo itabaki kwenye TCP 3230 hadi 3235 na UDP 3230 hadi 3253.

Chukueni ofisi yenye VSX kwenye `192.168.1.60`. Wafanyakazi wakipiga wao, pakiti ya kwanza inatoka ndani kwenda TCP 1720 ya upande wa pili. Hapo kufyatua kunafanya kazi vizuri: kifyatulio TCP 1720, poti za kuingilia 3230 hadi 3253. Mkutano ukiisha poti zinajifunga zenyewe.

Sasa upande wa pili ndio unapiga. Pakiti ya kwanza inafika 1720 kutoka nje, ruta haijaona kifyatulio chochote, inaitupa. Mpigaji anaona simu haijibiwi. Kinachopotosha ni kwamba ofisi ikijaribu kumpigia, inampata, basi lawama zinamwendea yeye. Mashine inayopaswa kupigiwa inahitaji kuelekezewa 1720 na zile za 3230, ila kama imesajiliwa kwa mlinzi wa simu wa H.323, yaani gatekeeper wa mtandao huo. Usajili hutoka ndani kwenda UDP 1719 na hurudiwa kila baada ya muda, hivyo 1719 inaweza kuwa kifyatulio cha kufungua 1720, mradi usajili urudiwe mapema kuliko muda wa ruta kufunga. Ukirudiwa kila dakika 30 na ruta inafunga baada ya 20, mtakuwa na dakika kumi za ukimya katika kila nusu saa, na hakuna atakayeelewa kwa nini.

Kufungua poti hakutoshi bado. H.323 huandika anwani ya IP ndani ya ujumbe wenyewe, si kwenye kichwa cha pakiti tu. VSX ikisema "nitumie picha kwenye 192.168.1.60", upande wa pili utatii, na picha itapotea. Dalili: simu inaunganika, wao wanakuona, wewe huwaoni wala huwasikii. Hapo badilisha `NAT Configuration` iwe `Manual` na uandike anwani yenu ya nje kwenye `NAT Public (WAN) Address`. Alama ya `NAT is H.323 Compatible` iwekwe tu kama ruta yenyewe inarekebisha ujumbe wa H.323. Chagueni mrekebishaji mmoja. Wakiwa wawili anwani inaweza kuharibika tena, na anwani ya nje ikibadilika kila ruta ikiwashwa, hiyo mliyoiandika inakuwa ya uongo.

Ubaya wa kuelekeza 1720 daima ni wapigaji wa mashine: programu zinazozunguka intaneti zikijaribu kila anwani. Skrini ya chumba cha mikutano inalia usiku na hakuna mtu upande wa pili. Kama washirika wenu wana anwani za kudumu, wekeni anwani zao kwenye sheria kama chanzo pekee kinachoruhusiwa; katika mfano wa juu mngeongeza mstari wa `option src_ip`. Hamna anwani hizo? Zimeni kujibu simu kwa otomatiki. Kamera inayojiwasha yenyewe kwa mgeni asiyejulikana ni hatari kubwa kuliko kelele zake. Hapa ndipo kufyatua kuna heshima yake: ofisi inayopiga tu, haipokei, isielekeze kitu.

Mwisho, kipimo. Kabla ya yote, linganisheni anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje, iliyoandikwa kwenye ruta na ile tovuti ya nje inayoona. Ikiwa ya WAN iko kati ya `100.64.0.0` na `100.127.255.255`, au ni ya ndani kama `10.x.x.x`, mko nyuma ya NAT nyingine ya mtoa huduma, jambo la kawaida kwa ruta za laini ya simu. Huko hakuna ukurasa wa ruta yenu utakaosaidia; ombeni anwani ya umma. Ikiwa zinalingana, jaribuni kutoka nje kwelikweli, kompyuta ikitumia data ya simu, VSX ikiwa imewashwa:

```
nc -vz ANWANI_YENU 1720
```

Ikijibu, njia ya TCP iko wazi. Msijaribu mkiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi hiyohiyo, kwani ruta nyingi hazirudishi ndani pakiti inayoenda kwenye anwani yao ya nje, na mtaona kosa lisilokuwapo. Kwa UDP kipimo hiki hakisemi kitu cha kuaminika: pigeni simu halisi, mkaiache ipite dakika 25, ili muda wa ruta uwe umeshapita mkiwa bado mnaonana.