Kazi ya Nani, Mwisho Lini: Kutoka Slaidi za Kikao hadi Barua Pepe ya Kila Mhusika

Mhadhara kwa waratibu wa miradi, Mbeya

Ndugu waratibu, habari za asubuhi, na karibuni.

Leo nachukua kipande kimoja tu cha kazi yenu. Kikao cha mradi kimefungwa, watu wameshapanda magari kurudi Kyela, Makete na Iringa, na wewe umebaki na faili la slaidi. Ndani yake kuna kazi za watu, na kila mmoja anatakiwa apate barua pepe yenye kazi zake peke yake. Kuziandika hizo barua hakuchukui muda. Kinachotesa ni kujua kazi ipi ni ya nani, na muda wetu mwingi asubuhi hii utaishia hapo.

Mfano niliouandaa ni wa mradi wa kituo cha kukusanyia parachichi Rungwe, chenye chumba cha baridi. Tuseme kikao kilikaa Tukuyu Jumatano tarehe 10/9/2025, na slaidi ziko ishirini na nne. Waratibu wengi hufungua moja kwa moja slaidi ya "Hatua Zinazofuata", hapa ni ya 22, wanakili mistari yake na kuituma. Nawaomba msifanye hivyo. Slaidi hiyo huandikwa kabla ya kikao, mara nyingi usiku wa kuamkia siku yenyewe. Yaliyokubaliwa ukumbini yako kwingine.

Anza slaidi ya kwanza, soma hadi ya mwisho, na kila slaidi ifungulie sehemu ya Notes iliyo chini ya dirisha. Pale ndipo msemaji huandika mambo kama "hili atalishika mtu wa Busokelo". Angalia pia slaidi zilizofichwa: pembeni, namba yake huwa imekatwa kwa mstari. Halafu kuna picha. Mhasibu akipiga picha jedwali lake la Excel na kulibandika kwenye slaidi, maneno yaliyomo hayatafutiki kwa Ctrl+F. Katika mfano wetu slaidi ya 14 ni picha ya namna hiyo, na kwenye kona ya chini, kwa herufi ndogo, imeandikwa "risiti za mafuta bado, MM". Hiyo ni kazi ya mtu. Anayetafuta kwa kompyuta peke yake hataiona. Na msitegemee Outline View kunakili maandishi yote, maana inaonyesha vichwa na maandishi ya kwenye nafasi za kawaida za slaidi tu. Majedwali na visanduku vya maandishi vilivyoongezwa kwa mkono havimo.

Kila unapokutana na kazi, iweke kwenye jedwali lako: mhusika, kazi, tarehe ya mwisho, namba ya slaidi, na maneno yenyewe kama yalivyoandikwa. Hiyo safu ya mwisho watu huiruka kwa kuona inarudia. Msiiruke. Mtu akikupigia simu kukuambia "mimi sikupewa hilo", utataka kumsomea maneno yaliyokuwa ukutani, usimpe tafsiri yako.

Sasa tuje kwa mhusika. Slaidi zetu zinapenda kusema kazi bila mtendaji. Slaidi ya 22 ina mstari huu: "Maombi ya umeme wa njia tatu yawasilishwe wiki ijayo." Yawasilishwe na nani? Nimeona ofisi ambako kazi ya aina hii ilitumwa kwa watu wote saba, na wote saba wakasubiri mwingine afanye. Rudi nyuma kwenye slaidi. Ya 6 inasema mhandisi ndiye mwenye orodha ya mashine za chumba cha baridi, kwa hiyo yeye ndiye anayejua jumla ya kilowati za kuandika kwenye fomu. Ya 11 inasema malipo ya kuunganishiwa umeme yako kwenye fungu la mhasibu. Kumbe mstari mmoja una kazi mbili za watu wawili, na ya pili haianzi kabla ya kwanza kwisha. Kwenye jedwali inakuwa mistari miwili, na kwenye ule wa mhasibu unaandika kwamba anasubiri fomu kutoka kwa mhandisi.

Herufi za mwanzo za majina nazo zina balaa lake, hasa huku kwetu. Kwenye kikao cha Mbeya chenye watu ishirini, hesabuni wangapi majina yao ya ukoo yanaanza na Mwa. "MM" ya slaidi ya 14 inaweza kuwa dereva, afisa ugani au mjumbe wa bodi. Chukua karatasi ya mahudhurio, tafuta wote wenye herufi hizo, kisha angalia nani alikuwa na safari za gari la mradi robo hiyo. Akibaki mmoja, andika jina lake kamili na anwani yake. Wakibaki wawili, usikisie. Muulize aliyeandaa slaidi. Swali la dakika mbili linakuepusha kumtumia mtu asiyehusika barua ya kumdai risiti, jambo ambalo kwa mtumishi yeyote ni zito.

Wakati mwingine slaidi zenyewe zinapingana. Jedwali la slaidi ya 22 linasema mafunzo ya uchumaji yataendeshwa na afisa kilimo wa wilaya, na maelezo ya msemaji yanasema mtu wa Busokelo. Hapo mratibu hana mamlaka ya kuamua. Peleka kwa mwenyekiti wa kikao mistari yote ya namna hiyo kwa pamoja, kabla hujatuma barua hata moja. Mstari usio na mhusika ubaki wazi kwenye jedwali lako, na uandike kwamba umepelekwa kwa mwenyekiti.

Kwenye tarehe, "wiki ijayo" huhesabiwa kuanzia siku ya kikao, wala si siku uliyofungua faili. Kikao kilikuwa tarehe 10, basi wiki ijayo inaisha Ijumaa 19/9/2025. Ukiifanya kazi hii tarehe 16 na ukahesabu kutoka hapo, umempa mtu wiki nzima ambayo kikao hakikumpa. Tarehe iliyopita nayo ikuamshe. Ukikuta "30/6" kwenye slaidi za Septemba, karibu kila mara slaidi hiyo imenakiliwa kutoka robo iliyotangulia. Fungua faili la kikao kile uone kama kazi ilishafanyika. Ukimkumbusha mtu kazi aliyoimaliza Julai, hatasoma barua yako nyingine kwa makini.

Na kuna hii yetu ya Nyanda za Juu: "kifusi kimwagwe kabla ya mvua". Kwa mtu wa Iringa mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, kwa hiyo anaona ana muda. Rungwe hunyesha karibu mwaka mzima, na mtu wa Tukuyu anajua lori la kifusi litakwama mapema zaidi. Watu wawili wamesoma maneno yaleyale na kila mmoja ana tarehe yake kichwani. Muulize mhandisi siku ya mwisho ambayo lori linaweza kupanda barabara ile, akisema 31 Oktoba, andika 31/10/2025.

Jedwali likishatulia, lipange kwa jina la mhusika, barua itajiandika. Hii ni ya mhandisi wetu:

> Kichwa: Kituo cha parachichi: kazi zako mbili, ya kwanza Ijumaa 19/9
>
> Ndugu Mhandisi,
>
> Habari za kazi. Kwenye kikao cha Tukuyu cha tarehe 10/9 ulipangiwa kazi hizi mbili:
>
> 1. Kujaza fomu ya maombi ya umeme wa njia tatu, pamoja na jumla ya kilowati za mashine. Mwisho Ijumaa 19/9/2025 (slaidi ya 22). Mhasibu anaisubiri ili aandae malipo.
>
> 2. Kusimamia umwagaji wa kifusi kwenye barabara ya kituo. Mwisho Ijumaa 31/10/2025 (slaidi ya 22, tarehe ni ile tuliyokubaliana kwa simu).
>
> Kama mojawapo si yako, au tarehe haiwezekani, naomba unijulishe kabla ya Jumatatu 15/9 saa 6 mchana.
>
> Ahsante,
> Mratibu

Tazameni kichwa cha barua: mtu anayekisoma kwenye simu akiwa kwenye daladala ameshajua ana kazi ngapi na ya kwanza ni lini. Kila kazi inaanza na kitendo. Mhasibu ametajwa kwa sababu tu anamsubiri mhandisi. Madeni ya wenzake mengine hayamo. Zile risiti za mafuta zinaandikwa kwa mwenye risiti peke yake. Kwa mwenyekiti wa ushirika aliyekuzidi umri utaandika "Shikamoo Mzee, naomba kukukumbusha", lakini kazi, tarehe na namba ya slaidi zibaki wazi vilevile. Heshima isiifiche tarehe.

Wakiwa chini ya kumi, ziandike kwa mkono mojamoja, ziweke kwenye Drafts, zisome tena, ndipo utume. Wakiwa wengi mtatumia Mail Merge ya Word, na hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza, kila mstari wa Excel unatoa barua moja, kwa hiyo mhandisi mwenye mistari miwili atapata barua mbili. Tengeneza karatasi ya pili yenye mstari mmoja kwa kila mtu, na kazi zake uziunganishe. Ikiwa majina yako safu A na kazi safu B kwenye karatasi iitwayo Kazi, na jina la mhusika liko A2 kwenye hii ya pili:

```
=TEXTJOIN(CHAR(10),TRUE,FILTER(Kazi!$B$2:$B$60,Kazi!$A$2:$A$60=A2))
```

Fomula hii inahitaji Excel 2021 au Microsoft 365. Matoleo ya nyuma hayana `FILTER`. Tarehe iandikwe ndani ya maneno ya kazi yenyewe, ili isiachane nayo.

Mtego wa pili ni tarehe zilizo kwenye safu yake. Word ikizichukua kutoka Excel mara nyingi huzigeuza kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi mbele. Tarehe 7 Novemba inatoka 11/7/2025, na kwa msomaji wa Mbeya hiyo ni Julai iliyokwisha pita. Igeuze iwe maandishi kabla ya kuunganisha:

```
=TEXT(C2,"dd/mm/yyyy")
```

Mail Merge haisimami kwenye Drafts, hutuma papo hapo kupitia Outlook. Washa kwanza Work Offline, barua zitakaa Outbox, ufungue kadhaa na kuzikagua, na kila uliyoifungua uibonyezee tena Send, la sivyo haitaondoka. Kabla ya kuizima Work Offline, hesabu kazi zote zilizomo kwenye barua, halafu hesabu mistari ya jedwali ukiondoa ile iliyoko kwa mwenyekiti. Hesabu zikitofautiana, kuna mtu hajapata kazi yake au kuna aliyepata ya mwenzake, na Outbox isiguswe hadi umpate.

Majibu yakirudi, "hili si langu" linaingia kwenye jedwali siku hiyohiyo: jina linafutwa, mstari unakwenda kwa mwenyekiti, na atakayepewa anaandikiwa barua mpya yenye tarehe mpya. Tufungue sasa zile slaidi mlizokuja nazo, tuanze na za wenzetu wa Njombe.