Chipu Moja, Anwani Nne
(Mhadhara kwa wanafunzi wa elektroniki, Mbeya)

Vijana wangu, karibuni. Leo tubaki na bodi moja tu, ile yangu ya kwanza yenye prosesa ya Z80.

Z80 ina nyaya 16 za anwani, kwa hiyo inafikia baiti 65,536. Ikiwashwa inaanza kusoma 0000H, ndiyo maana ROM lazima ikae chini kabisa. RAM niliyokuwa nayo ni 6264, yenye kilobaiti 8. Chipu hiyo inachukua nyaya 13, A0 mpaka A12. Swali ni moja: A13, A14 na A15 zifanye kazi gani?

Mimi nilitumia A15 peke yake. Ikiwa 0, ROM inaamka. Ikiwa 1, RAM inaamka. Bodi ikafanya kazi vizuri. Programu yangu ya kupima RAM, iliyokuwa ikiandika na kusoma palepale, ikaniambia nina kilobaiti 32!

Fikirieni soko la Mwanjelwa. Mzigo umeandikwa "safu ya tatu, kibanda 5", lakini mchukuzi hasomi safu, anasoma kibanda tu. Mizigo ya safu zote itaishia kibanda kimoja. Ndivyo ilivyokuwa: 8000H, A000H, C000H na E000H zote zilikuwa baiti ileile.

Hilo halina madhara mpaka uongeze chipu. Nilichomeka 6264 ya pili pale A000H, na mwanzoni ikasoma sawa. Nimelifikiria jambo hilo muda mrefu, kwa sababu ndilo linalodanganya watu. Ukiandika A000H, chipu zote mbili zinapokea data ileile, hivyo ukisoma zinajibu kwa sauti moja. Andika sasa kitu kingine 8000H: chipu ya zamani peke yake inabadilika. Ukirudi kusoma A000H, moja inavuta waya juu, nyingine inavuta chini. Jibu linayumba, na ukigusa chipu unaikuta ya moto.

Dawa yake ni 74LS138, chipu inayosoma nyaya tatu na kuchagua tokeo moja kati ya manane, Y0 mpaka Y7. A13, A14 na A15 ziingie A, B na C. MREQ, waya ambao Z80 inautumia kusema inaongea na kumbukumbu, iende G2A, G2B iende graundi, G1 iende +5V. Bila MREQ, chipu itaamka hata prosesa inapoongea na bandari za nje. Sasa Y0 ni ROM, 0000H hadi 1FFFH. Y4 ni RAM ya kwanza, 8000H hadi 9FFFH. Y5 ni ya pili, A000H hadi BFFFH.

Kisha pimeni hivi, programu ikiwa ndani ya ROM:

```
LD A,55H
LD (8000H),A
LD A,0AAH
LD (0A000H),A
LD A,(8000H)
```

A ikibaki na AAH, anwani hizo mbili bado ni kibanda kimoja. Rudini mkague waya wa A13. Kwenye bodi yangu, baada ya kuunganisha upya, ilisoma 55H.