Rekodi mahojiano na mtu wa mbali, sauti itoke safi kama mmekaa chumba kimoja

Habari zenu, karibuni tena. Leo nawaonyesha namna ya kumhoji mtu aliye mbali bila kutegemea ile sauti inayopita kwenye mtandao, yaani kila mmoja anajirekodi mwenyewe pale alipo, halafu mafaili mawili tunayaunganisha kwenye kuediti. Mimi niko Dar, mgeni wangu yuko Kigoma, ni mama anayefanya biashara ya dagaa, na mtandao wa kwake kuna saa uko vizuri kuna saa unakatakata maneno. Zoom au WhatsApp ikiona bando linasuasua inaibana sauti, ndo pale unasikia mtu anaongea kama yuko ndani ya pipa au neno linakatika katikati, na ukishairekodi hivyo hakuna programu itakayokurudishia lile neno. Lakini simu iliyo mezani kwake haijui habari za mtandao, inarekodi tu anachosema.

Tuanze na upande wa mgeni maana huko ndo kazi inakoharibikia. Mgeni anahitaji vifaa viwili: kimoja cha kupigia simu na kimoja cha kurekodia. Usimwambie apige WhatsApp na kurekodi kwa simu hiyohiyo, kwenye Android ile simu ya WhatsApp inaichukua maiki, rekoda inaendelea kuhesabu dakika vizuri kabisa lakini ndani ya faili kuna ukimya mtupu, na iPhone nayo rekoda haifanyi kazi ukiwa kwenye simu. Kwa hiyo aazime simu ya mtoto, ya jirani, yoyote ile. Hiyo ya kurekodia iwekwe kwenye hali ya ndegeni, ile alama ya ndege, ili mtu asipige katikati na rekoda ikasimama. Na aangalie nafasi: saa moja ya faili la WAV, lile lisilobanwa, kwa maiki moja, 48000 Hz na biti 16, inakula karibu MB 345, lakini faili lililobanwa la m4a ya 128 kbps ni kama MB 58 tu na kwa maongezi inatosha kabisa, msisumbuane.

Simu ya kurekodia ilale juu ya vitabu viwili vitatu, ule upande wa chini wenye maiki umwelekee mdomoni, umbali wa shubiri moja, ila iwe pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi za P na B zisipige maiki. Feni izimwe, friji kama iko karibu ahamie chumba kingine. Chumba cha kulala ndo kizuri, godoro na mapazia yanameza mwangwi.

Halafu eafoni, hapa msinibishie. Ile simu anayoongelea na mimi lazima iwe na eafoni, na mimi pia. Asipovaa, sauti yangu itatoka kwenye spika yake na kuingia kwenye rekodi yake, tukija kuunganisha mtanisikia mara mbili, mara ya kwanza kwenye rekodi yangu halafu kwa mbali kwenye rekodi yake, na huo mwangwi hauondoki. Za waya ndo nzuri zaidi, za bluetooth zinaongeza kuchelewa na chaji ikiisha katikati ya stori mmekwama.

Kabla ya kuanza mwambie arekodi sekunde 20, asimamishe, asikilize mwenyewe, halafu akutumie hicho kipande. Usikubali jibu la "iko sawa", kisikilize wewe. Kwa mama wa Kigoma kipande cha kwanza kilikuja na mkwaruzo, kumbe simu ilikuwa juu ya kitambaa na kila akisogeza mkono kitambaa kinavutika. Tukakitoa, kikaja cha pili kimetulia.

Upande wangu mimi nina laptopu. Maiki yangu inaingia Audacity, programu ya kurekodi na kuediti sauti, na kwenye laptopu hiyohiyo Zoom iko wazi na nimebonyeza Record ihifadhi kwenye kompyuta. Hiyo rekodi ya Zoom wasikilizaji hawataisikia, ni ya kuniongoza tu, ila msiiache, mtaona kazi yake sasa hivi. Zoom ya bure inakata ikifika dakika 40, kwa hiyo pangeni maswali yaishe kabla, au mkikatwa mrudi hewani huku rekoda za pande zote zikiendelea, zisizimwe.

Sasa wote tunarekodi. Wengi wanafundisha mpige makofi kwa pamoja mwanzoni. Kwa watu walio chumba kimoja sawa, kwa mbali kuna shida mbili. Kwanza yeye ananisikia nimechelewa, kwa hiyo kofi lake halilingani na langu hata tukihesabu pamoja. Pili Zoom inachuja kelele, na kofi inalihesabu ni kelele, kwenye rekodi ya kuongoza hulioni au unakuta limebaki nusu. Kwa hiyo mimi namwambia mgeni aseme kwa sauti kavu "pa, pa, pa", na mimi nasema zangu, halafu mwisho kabisa kabla hatujaagana tunarudia. Ni sauti ya mtu, Zoom inaipitisha, na P inaonekana kwenye mchoro wa sauti kama mlingoti uliosimama wima.

Mkimaliza, mgeni abonyeze kuhifadhi KWANZA, ndo aguse kitu kingine. Akutumie faili kwa WhatsApp kama Document, au aweke Google Drive. Na mwambie asifute chochote mpaka umthibitishie limefika na umelisikiliza mpaka mwisho.

Haya, tuingie kwenye kuediti. Fungua Audacity, bonyeza File, Import, Audio, ingiza vitu vitatu: rekodi yangu, rekodi ya mgeni, na ile ya Zoom. Kama m4a inakataa kufunguka basi Audacity yako inahitaji FFmpeg, programu ya kuisaidia kufungua mafaili ya aina hiyo, iweke halafu funga programu ufungue upya.

Weka ya Zoom juu kabisa. Vuta karibu kwa Ctrl+1 mpaka zile "pa" uzione moja moja. Shika rekodi yangu kwenye kichwa chake uisogeze mpaka "pa" zangu zikae chini ya "pa" zangu za kwenye Zoom. Halafu ya mgeni, "pa" zake chini ya "pa" zake. Tunafuata Zoom kwa sababu ndani yake maongezi yamekaa vile nilivyoyasikia mimi nikiwa nauliza, majibu yanakuja kwa mwendo uleule.

Sasa nenda mwisho wa faili uangalie "pa" za mwisho. Hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa, mwanzo imekaa sawa kabisa lakini mwisho mgeni anacheka utani umeshapita. Sababu ni kwamba kila kifaa kina saa yake ndani, na simu yake na laptopu yangu hazihesabu sekunde sawasawa kabisa, tofauti ni ndogo mno lakini inajilimbikiza. Kwenye mahojiano haya kutoka "pa" ya kwanza mpaka ya mwisho Zoom inasema dakika 36 kamili, rekodi ya mgeni inasema dakika 36 na sekunde 0.18. Mnaona, karibu moja ya tano ya sekunde.

Ila usikimbilie kurekebisha. Kuchelewa kwa mtandao nako kunabadilika katikati ya maongezi, kwa hiyo hiyo 0.18 inaweza kuwa ni ya saa ya simu au ni ya mtandao. Angalia katikati. Mimi nimetafuta neno la mgeni lenye P au T kali karibu na dakika ya 12, tofauti ni 0.06. Dakika ya 24, ni 0.12. Inakua taratibu kwa mwendo mmoja, basi hiyo ni saa ya simu. Ingekuwa sifuri mpaka dakika ya 20 halafu ghafla inaruka 0.18 na kubaki hapohapo, huo ungekuwa mtandao, na hapo huvuti chochote, unakata tu kwenye ukimya na kusogeza kipande kilichobaki, au ukiona maongezi yanasikika vizuri unaacha kama yalivyo.

Kama ni saa ya simu, chagua rekodi ya mgeni kuanzia "pa" ya kwanza mpaka ya mwisho, nenda Effect, Pitch and Tempo, Change Speed and Pitch. Pale kwenye New Length andika dakika 36 kamili, bonyeza Apply. Sauti yake haitabadilika kwa sikio, ni badiliko dogo sana hilo. Nenda mwisho uhakikishe "pa" zimekaa pamoja. Kisha izime ile ya Zoom kwa Mute, usiifute bado.

Kusafisha sasa. Mgeni akiwa anaongea mimi huku napumua, nakohoa, nasema "mmh". Chagua hizo sehemu kwenye rekodi yangu ubonyeze Ctrl+L, inaweka ukimya bila kusogeza kitu. USIBONYEZE Delete kwenye rekodi moja peke yake, maana kila kinachofuata kinavutwa nyuma na ile kazi yote ya kulinganisha imekwisha. Ukitaka kutoa swali zima, chagua sehemu hiyo kwenye rekodi zote tatu kwa pamoja ndo ufute. Na zile "mmh" msizinyamazishe zote, acha zile zinazomjibu mgeni, bila hizo anasikika kama anahutubia ukuta.

Sauti zikiwa hazilingani, mmoja juu mmoja chini, chagua rekodi moja moja uipitishe kwenye Loudness Normalization, weka -19 LUFS, hicho ni kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa mono, na kile kiboksi cha Treat mono as dual-mono ukitoe tiki. Fanya kwa mgeni, kisha kwako. Kelele ya chini kwa chini ukiipunguza ipunguze kidogo tu, ukizidisha sauti inakuwa kama ya mtu aliye chini ya maji, bora ule mvumo kidogo ubaki.

Kabla ya kutoa faili la mwisho bonyeza Solo kwenye rekodi ya mgeni usikilize dakika moja sehemu ambayo wewe ndo unauliza. Ukijisikia kwa mbali, ujue eafoni zilikuwa zinavuja, zinyamazishe hizo sehemu kwa Ctrl+L. Ukisikia kimya, toa Solo, nenda Export, MP3, mono, halafu lisikilize lote mara moja kwa spika ya simu, maana ndo wengi watakavyolisikiliza, na ukikuta mahali jibu linakuja haraka mno au linachelewa, rudi kwenye Audacity usogeze hapo tu.