Kifafa cha mimba: kipi kinaanza, presha, magnesiamu au kumzalisha?

(Mhadhara kwa wakunga, wauguzi na matabibu wa vituo vya afya, Dodoma)

Ndugu zangu wakunga, wauguzi na matabibu, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie presha kali ya ujauzito. Nitamfuata mgonjwa mmoja tu, tangu anapopokelewa kituoni mpaka anapojifungua. Mgonjwa huyu nimemtunga, lakini kila mliyekaa hapa mtamtambua.

Ana miaka 19, mimba ya kwanza, wiki 36. Kaletwa kwa bodaboda kwenye kituo cha afya kilicho barabara ya Iringa, upande wa Mtera, saa 3:10 usiku. Kichwa kinamuuma tangu asubuhi, anaona maruweruwe, na anashika hapa juu ya tumbo, kwenye chembe ya moyo. Nyumbani wamesema ni malaria au vidonda vya tumbo. Mkunga anampima presha: 178/118. Mkojo una protini alama tatu.

Namba za kushika ni mbili. Ya juu ikifika 160, au ya chini ikifika 110, hiyo ni dharura hata kama mama anacheka. Pima tena baada ya dakika 15, mkanda ukiwa unamtosha mkono na mkono ukiwa usawa wa moyo. Usisubiri saa nne zipite ndipo uamini. Ikibaki pale pale, dawa ya presha ianze ndani ya nusu saa mpaka saa moja, kwa sababu presha ya namna hii inapasua mishipa ya ubongo. Mama anaweza kufa kwa kuvuja damu kichwani bila kuwahi kukakamaa hata mara moja.

Mkunga wetu anataka kumpa nifedipini miligramu 10 ameze. Chaguo zuri, ilimradi ni ile inayofanya kazi haraka. Tazameni boksi. Vituo vingi vina nifedipini ya miligramu 20 ya kuyeyuka polepole, inayotumiwa na wagonjwa wa presha wa kila siku. Ile inachelewa kuanza, na si ya usiku kama huu. Methaildopa nayo inahitaji saa kadhaa. Na msiitoboe kapsuli mkamdondoshea mama chini ya ulimi: presha inaweza kuporomoka ghafla.

Lakini kabla kidonge hakijafika mdomoni, saa 3:25 usiku, mama anakakamaa. Macho yanageuka, povu linatoka, mwili mzima unatingishika. Hapa hesabu yote inabadilika, na saa hiyo 3:25 iandikwe kwenye faili, maana tutairudia.

Mlazeni ubavu wa kushoto. Msimtie kijiko mdomoni. Mpeni oksijeni, mfyonzeni mate na povu, mzuieni asianguke. Degedege lenyewe mara nyingi hupita ndani ya dakika moja au mbili. Kazi ya magnesiamu salfeti ni kuzuia linalofuata. Naomba hili likae vizuri: magnesiamu si dawa ya presha. Inalinda ubongo usitoe degedege. Presha ikishuka magnesiamu bado inahitajika, na magnesiamu ikiingia presha bado inahitaji dawa yake.

Kwa nini si diazepamu, ambayo mikono yetu imeizoea? Mwaka 1995 utafiti mkubwa wa nchi kadhaa ulizilinganisha dawa hizi, na waliopewa magnesiamu walirudiwa na degedege kwa kiwango kilichopungua kwa takriban nusu kuliko waliopewa diazepamu. Mwaka 2002 ukatoka mwingine, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ambao walikuwa na presha ya mimba lakini hawajaanguka. Magnesiamu ilipunguza hatari ya kuanguka kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo huyu binti alistahili magnesiamu hata kabla ya saa 3:25.

Sasa tuichanganye. Nimeleta chupa zenyewe, pitisheni kwa wenzenu mzione. Hii imeandikwa 50%, ina ml 10, maana yake ndani kuna gramu 5. Hii ndogo nayo ni 50%, lakini ni ml 2, gramu 1 tu. Makosa mengi yanaanzia hapa: mtu kazoea chupa moja, bohari imeleta nyingine, na yeye anahesabu chupa badala ya gramu.

Dozi ya kwanza ina sehemu mbili. Ya mshipani ni gramu 4. Vuta ml 8 za ile 50%, ongeza ml 12 za maji ya sindano, upate ml 20 kwenye bomba moja. Hiyo sasa ni 20%. Isukume polepole, isipungue dakika 5. Mimi napendelea dakika 10 hadi 15, na mtu asimame na saa. Kama mama ana fahamu mwambie mapema kwamba atahisi joto linapanda mwilini, na anaweza kutapika. Asipoambiwa ataruka kitandani akidhani anakufa.

Ya pili ni ya msuli, gramu 10. Hii haiongezwi maji. Ni ml 10 za 50% zilizochanganywa na ml 1 ya lignokeni ya 2%, ndani kabisa ya msuli wa tako moja, kisha kiasi kile kile tako la pili. Jumla mama amepata gramu 14.

Naona nyuso zinabadilika. Dada mmoja wa Kongwa ameuliza: "Daktari, gramu 14 zote kituoni, halafu akizimika pumzi njiani?" Ni swali la haki, na hofu hiyo ndiyo inayofanya wengi watoe ile ya mshipani peke yake, kisha wawashe gari. Fikirini kinachotokea. Ile ya mshipani inafanya kazi mara moja, lakini figo zinaitoa haraka. Ile ya msuli inaingia kwenye damu taratibu na kumlinda kwa takriban saa nne. Kutoka Mtera mpaka Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 100. Ukimpa ya mshipani tu, kinga inapungua akiwa bado barabarani, gizani, ndani ya gari.

Kuhusu pumzi: magnesiamu ikizidi mwilini, haianzi na pumzi. Inaanza na goti. Gonga chini ya kifupa cha goti. Mguu ukiruka, bado uko salama. Ndiyo maana kabla ya kila dozi inayofuata, ya gramu 5 kila baada ya saa nne, tako la kulia kisha la kushoto, tunaangalia mambo matatu: goti linaruka, anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, na mkojo haupungui ml 30 kwa saa. Mkojo upo kwenye orodha kwa sababu dawa hii inatoka kwa figo. Figo zikigoma, dozi ile ile ya kawaida inageuka kuwa sumu. Moja likikosekana, dozi hiyo usiitoe. Pumzi ikisimama, msaidie kwa mfuko na barakoa, huku mwenzako anampa kalsiamu glukoneti ya 10%, ml 10, mshipani polepole. Chupa hiyo ikae trei moja na magnesiamu. Kabati la famasia iliyofungwa usiku halimsaidii mtu.

Akirudia kuanguka robo saa au zaidi baada ya dozi ya kwanza, mwongeze gramu 2 mshipani: ml 4 za 50% na ml 6 za maji, kwa dakika 5.

Turudi kwa binti. Saa 3:50 usiku magnesiamu imeisha kuingia. Presha ni 172/114. Amelegea, hawezi kumeza salama, kwa hiyo nifedipini haifai tena. Anapewa haidralazini miligramu 5 mshipani, polepole. Baada ya dakika 20, 164/110. Anaongezwa miligramu 5. Inafika 150/98. Hapo simameni. Tunataka 140 hadi 150 kwa 90 hadi 100, basi. Kondo la nyuma limezoea kusukumiwa damu kwa nguvu. Ukimshusha mama ghafla mpaka 110/70, mtoto ndiye wa kwanza kukosa, na utasikia mapigo ya moyo wake yakipungua. Maji ya dripu nayo yasizidi ml 80 kwa saa. Mama hawa mishipa yao inavuja, na lita mbili za haraka zitaishia kwenye mapafu.

Gari limeombwa kupitia 115, mpira wa mkojo umewekwa, na mkunga anapanda naye akiwa na trei yake. Kwenye karatasi ya rufaa asiandike "amepewa magnesiamu" tu. Aandike: degedege saa 3:25, gramu 14 zimekamilika saa 3:50, dozi ijayo saa 7:50 usiku. Asipoandika hivyo, hospitali itaanza upya na kumpa gramu 14 nyingine.

Wanafika mjini saa 7 kasoro usiku. Sasa ndipo linapokuja suala la kumzalisha. Chanzo cha ugonjwa huu ni kondo la nyuma. Dawa zote tulizotoa zinanunua muda, hazitibu. Ugonjwa unaanza kuondoka kondo likitoka. Lakini kumkimbiza chumba cha upasuaji akiwa na 178/118 na degedege la dakika tano zilizopita ni kumhatarisha: kuingiza mpira wa pumzi kooni peke yake kunapandisha presha zaidi. Kwanza atulie, kisha azae. Akishaanguka, mtoto atoke ndani ya saa 12. Kama ana presha kali bila degedege na uamuzi ni kumzalisha, ndani ya saa 24.

Saa 12 kutoka 3:25 usiku ni 3:25 asubuhi. Anapimwa: mlango wa kizazi sentimita 4, umelainika, mtoto ametanguliza kichwa na moyo wake uko vizuri. Hakuna sababu ya kisu. Chupa inapasuliwa, oksitosini inaanza kwenye dripu, magnesiamu ya saa 7:50 na ya saa 11:50 alfajiri zinatolewa baada ya kugonga goti. Anajifungua saa 1:50 asubuhi. Angekuwa na mlango mgumu uliofungwa, au moyo wa mtoto unasuasua, ningemfanyia upasuaji bila kusubiri.

Kaka mmoja wa Chemba ameuliza: kama ni wiki 30? Kama hajaanguka, presha inakubali dawa, na mama na mtoto wanaendelea vizuri, tunaweza kusogeza siku, tukimpa deksamethasoni kukomaza mapafu ya mtoto. Lakini hilo ni la hospitali ya rufaa, yenye maabara na wodi ya watoto njiti. Akianguka, presha ikigoma, mapafu yakijaa maji, ini au chembe sahani zikiharibika, au kondo likibanduka, anazalishwa hata kama ni wiki 30. Kuendelea kusubiri kunaweza kuwapoteza wote wawili.

Baada ya kuzaa apewe oksitosini yuniti 10, siyo ergometrini, kwani ergometrini inapandisha presha. Magnesiamu iendelee saa 24 tangu kujifungua, au tangu degedege la mwisho kama limekuja baadaye. Kwa binti wetu ni mpaka saa 1:50 asubuhi ya kesho yake. Na familia itataka kumchukua siku ya pili kwa sababu anakula na kunyonyesha. Presha hupanda tena kati ya siku ya tatu na ya sita, na wapo wanaoanguka kwa mara ya kwanza wakiwa wameshazaa. Abaki wodini apimwe. Siku atakaporuhusiwa, mama mkwe au mume aambiwe mbele yake kwamba kichwa kikali au maruweruwe yakirudi, wapige 115 usiku huo huo.