Kitabu cha Kurasa 900: Namna ya Kukimaliza Bila Kukwama Katikati

Haya, chukua kile kitabu chako kinene, penseli na karatasi moja. Kabla hujaanza kusoma, fungua mwisho. Vitabu vingi vikubwa hubeba faharasa na maelezo ya ziada nyuma. Hiki changu kina kurasa 900, lakini hadithi yenyewe inaishia ukurasa wa 840. Tunapiga hesabu kwa 840.

Sasa tega saa, usome dakika 20 kwa mwendo wako wa kawaida. Mimi nimepata kurasa 12, kwa hiyo nusu saa ya kila siku ni kama 18. Usiandike 18. Andika 15, maana kuna jioni utafika kitabuni macho yameshachoka. 840 gawanya kwa 15 ni siku 56. Soma siku sita kwa wiki. Ya saba iache wazi kwa ajili ya kufidia. Ukikosa siku nyingi zaidi, usirundike kurasa 60 usiku mmoja, utazipita tu bila kuzisoma. Sogeza tarehe ya kumaliza. Si mtihani huu.

Tatizo lenyewe liko katikati. Kwenye hiki changu ni ukurasa wa 300 hadi 560: wahusika wameshatambulishwa, mambo bado hayajaiva, na mwandishi anaeleza tu. Utajua umekwama ukirudia aya moja mara tatu, au ukifunga kitabu na huwezi kusema nani alifanya nini.

Hapo punguza hadi kurasa 10 kwa siku, tano asubuhi na tano jioni. Hizo kurasa 260 zitachukua siku 26 badala ya 18 hivi. Ni kama wiki moja na nusu ya ziada, na wengi huacha kitabu kabisa kwa kukataa kuitoa.

Kisha ile karatasi. Ikunje, iwe ndiyo alamisho yako. Upande mmoja andika majina ya wahusika na nani ni nani kwa nani. Upande wa pili, kila sura ikiisha, andika sentensi moja tu: kimebadilika nini? Kama hakuna kilichobadilika, andika "hakuna" uendelee. Sura tatu za "hakuna" zikifuatana, una ruhusa yangu kupitia maelezo marefu juu juu, ukisoma sentensi ya kwanza ya kila aya. Mazungumzo usiyaruke, kwa kawaida ndimo hadithi inamosogea.

Jambo jingine: usisimame mwisho wa sura. Simama katikati ya tukio, mtu akiwa bado mlangoni. Kesho utajua pa kuanzia.

Siku utakapojikuta umepita kurasa 10 bila kuhesabu, na kesho yake tena, rudi kwenye 15.