Koo limepona, dozi bado: mazungumzo na wazazi wa Busia

Wazazi wenzangu, walimu, na ninyi vijana mliosimama pale dirishani, asanteni kwa kuja. Mwenyekiti ametangaza kwamba nitazungumza juu ya antibiotiki zote. Nisamehe, mwenyekiti, zote hazitatosha jioni moja. Nitazungumza juu ya koo la mtoto wa miaka 5 hadi 15 na kapsuli 40 za amoksilini. Mnaonunua dawa kwangu mmeshanisikia juu ya jambo hili mpaka mkachoka. Mnivumilie tena, maana bado mtu anafika kaunta na noti ya elfu mbili na kuniambia, "Dada, nipe za hizi, zikiisha tutaona."

Haya, tuone. Tuchukue mtoto wa miaka 7, kilo 20. Koo linamuuma ghafla, ana homa, kumeza mate ni shida. Hakohoi wala hana mafua. Ukimfungua kinywa, mafindofindo yamevimba na yana madoa meupe ya usaha. Ukimshika chini ya taya, tezi zinauma. Huyo kliniki watamshuku bakteria aitwaye streptokoka. Mwenye mafua, kikohozi na macho mekundu kwa kawaida ana virusi, na huyo hahitaji antibiotiki hata moja. Msiniombe, sitakupa.

Huyu wetu ameandikiwa amoksilini, miligramu 50 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 20 ni miligramu 1,000. Kapsuli ni za 250, kwa hiyo anameza mbili asubuhi na mbili jioni, siku 10. Hizo ndizo kapsuli 40, pakiti nne za kumi kumi. Mama ananunua pakiti moja. Inaisha siku ya tatu asubuhi, na siku hiyohiyo mtoto anakula posho na maharage, anakimbia na mpira. Mama anaona pesa ya pakiti tatu imeokoka.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo napigania kila siku. Koo la streptokoka huacha kuuma lenyewe ndani ya wiki moja hivi, hata usipompa mtoto dawa yoyote. Kwa hiyo maumivu kuondoka hakukuambii kama vijidudu vimeondoka. Dawa ya siku mbili imevipunguza, lakini vingine bado vimekaa kwenye mafindofindo, na mwili unaendelea kutengeneza kinga ya kupigana navyo. Ngozi ya kijidudu hiki ina sehemu zinazofanana na nyama ya moyo wa binadamu. Kinga ya mwili inakuwa kama mlinzi wa usiku anayempiga mwenye nyumba akidhani ni mwizi. Inashambulia viungo, inashambulia moyo.

Shambulio hilo linatokea lini? Si siku ile. Ni wiki mbili, tatu au nne baadaye, mmeshalisahau koo. Goti linavimba na kuuma. Baada ya siku chache goti linapoa, kifundo cha mguu kinaanza, kisha kiwiko. Homa ipo. Nyumbani mnasema malaria, mnampa dawa ya malaria. Hiyo ni homa ya rumatiki. Viungo vitapona kabisa, visiwadanganye. Moyoni ndiko kunakobaki kovu, kwenye vali, vile vilango vinavyofunga na kufungua damu ipite. Vali yenye kovu haifungi vizuri au haifunguki vizuri. Wengine hawajui mpaka miaka imepita: msichana anaishiwa pumzi njiani kwenda shule, au mama anagundulika akiwa mjamzito kwa sababu moyo umeshindwa kubeba kazi ya wawili. Wakati huo tunazungumza habari ya upasuaji kwenye Taasisi ya Moyo kule Mulago, hatuzungumzi tena bei ya pakiti tatu.

Msiondoke hapa na hofu. Watoto wengi wanaougua koo hili hawapati ugonjwa wa moyo. Na hata ukichelewa, dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inamkinga. Una muda wa kumpeleka apimwe, una muda wa kutafuta pesa.

Kuna kaka hapa mbele ananitazama, najua swali lake. "Lakini madaktari wenyewe siku hizi wanasema si lazima kumaliza dozi." Wamesema, na kwa magonjwa kadhaa wana haki. Nimonia isiyo kali ya mtoto tunaitibu siku 5, mahali pengine hata 3, zamani zilikuwa nyingi zaidi. Dozi ndefu kuliko inavyohitajika haina faida. Ndiyo maana sisemi dawa zote ni siku 10. Nasema idadi iliyoandikwa kwenye bahasha yako ni ya ugonjwa wako. Usikope ya jirani, wala usiiongeze. Kwa koo hili, amoksilini bado ni siku 10, kwa sababu lengo ni kukisafisha kijidudu chote kooni.

Mwingine atasema, "Si mnatuambia tumalize ili vijidudu visizoee dawa?" Kwa streptokoka huyu, hiyo siyo sababu. Penisilini imetumika tangu miaka ya 1940 na mpaka leo bado inamuua. Amoksilini ni ya ukoo huohuo. Wanaozoea ni bakteria wengine tulionao tumboni na puani, na hao tunawafundisha kila tunapomeza antibiotiki kwa mafua. Huko ndiko mnakopaswa kuwa wabahili.

Ambaye moyo wake umeshaguswa naye asikate tamaa. Gulu walifanya utafiti kwa watoto waliokutwa na dalili za mwanzo za vali kuharibika, matokeo yakatoka mwaka 2021. Karibu 400 walichomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, karibu 400 wengine hawakuchomwa. Walioharibikiwa zaidi ni 3 kwenye kundi la sindano, na 33 kwenye kundi lile lingine.

Saa imekwenda, mengine nayapitia haraka. Ukisahau dozi, mpe unapokumbuka, usimpe mara mbili kwa pamoja. Anaweza kumeza akiwa ameshiba au ana njaa. Kuharisha kidogo, endelea. Akitokwa vipele vya kuwasha, uso ukivimba au akipumua kwa shida, simamisha dawa na mkimbize hospitali, na tangu siku hiyo mwambie kila mhudumu kwamba penisilini haimfai.

Kuhusu pesa, tusifichane. Usipokuwa nazo zote, niambie. Nitakupa ya siku 5, nitaandika kwenye bahasha tarehe ya kurudi, na urudi siku ya nne kabla haijaisha. Na kama unajua kabisa kwamba siku 10 nyumbani kwako haziwezekani, labda mtoto analala kwa bibi ng'ambo ya mpaka na hakuna wa kumkumbusha, uliza kituo cha afya sindano ya benzathini penisilini. Ni moja tu, inachomwa kwenye msuli, inafanya kazi ya zile siku 10. Inauma, tako litamuuma siku moja au mbili. Lakini ikishachomwa, hakuna kapsuli ya kusahau. Haya, maswali, tuanze na mama mwenye kitenge cha kijani.